Kitandani saa nne na nusu, usingizi saa tisa kasoro: kisa cha saa ya mwili iliyochelewa

Mhusika wa kisa hiki ni mwanamke wa miaka 34, mhasibu, aliyegunduliwa kuwa na tatizo la upungufu wa umakini akiwa mtu mzima. Si mtu mmoja halisi. Ni mkusanyiko wa mambo yanayojirudia kwa watu wa aina yake, na saa zake zimewekwa kama kielelezo ili hesabu ionekane. Lalamiko lake ni fupi: anapanga kulala saa 4:30 usiku, analala karibu saa 9:00 usiku, na asubuhi anaamshwa na kengele sita za simu ambazo tano kati yake hakumbuki kuzizima.

Alikwishajaribu mengi. Chai za kutuliza, dakika za kutafakari, kufungia simu kabatini, melatonini ya miligramu 5 aliyokuwa akimeza saa 5:00 usiku. Alikuwa pia na orodha ya mambo 11 ya kufanya kabla ya kulala, ameichapisha na kuibandika ukutani. Orodha hiyo aliifuata kwa siku nne. Kila mtu aliyemshauri alimwambia jambo lilelile kwa maneno tofauti: apande kitandani mapema na awe na nidhamu. Ushauri huo ndio uliomharibia zaidi, na sababu inaonekana mtu akikaa na shajara yake ya usingizi.

Shajara iliandikwa kwa siku 14. Kwa kawaida shajara huuliza muda wa kulala na wa kuamka, basi. Kwa mtu mwenye tatizo la umakini hiyo haitoshi, kwa sababu ndani ya neno "kuchelewa kulala" mna mambo mawili tofauti. Lipo la kuchelewa kwenda kitandani, na lipo la kuwa kitandani na usingizi usije. Kwa hiyo shajara yake ilikuwa na safu nne: muda aliopanga kulala, muda alioweka kichwa kwenye mto wa kulalia na kuzima taa, muda anaokisia usingizi ulimchukua, na muda alioamka. Pembeni aliandika neno moja au mawili kuhusu kilichomshika kama alipitisha muda.

Usiku 9 kati ya 14 alikuwa hajazima taa hadi karibu saa 8:00. Hapo kilichoandikwa pembeni kilikuwa "video", "kupanga droo", "kusoma kuhusu majabali ya volkano". Usiku 5 uliobaki alifanya kila alichoambiwa. Alizima taa kati ya saa 4:40 na saa 5:15. Na katika usiku huo wote mitano usingizi ulikuja kati ya saa 8:20 na 8:50.

Hiyo mitano ndiyo ya kuangalia. Kama shida ingekuwa simu na video peke yake, usiku ambao hakuwa na simu angelala mapema. Hakulala. Alijilaza gizani kwa zaidi ya masaa matatu, na usingizi ukaja saa ileile unayokuja akiwa anatazama video. Tena siku za mapumziko, asipowekewa kengele, alilala saa 9:30 usiku hadi saa 5:30 asubuhi: masaa 8, bila kukatika, na aliamka ameburudika. Mtu mwenye kukosa usingizi kwa maana ya kawaida halali hivyo akiachiwa nafasi. Usingizi wake ni mzima. Umewekwa mahali pabaya kwenye saa.

Mambo hayo yana jina: kuchelewa kwa awamu ya usingizi. Kwa watu wazima wenye upungufu wa umakini ni jambo la kawaida mno. Vipimo vya mate vimeonyesha kwamba wale ambao usingizi huwakawia, melatonini yao ya jioni huanza kupanda kwa kuchelewa, wastani wa saa moja na nusu hivi kuliko watu wengine. Melatonini ni homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia, na huanza kupanda takribani masaa 2 hadi 3 kabla ya mtu kusinzia kwa kawaida yake. Kwa mhusika wetu, anayesinzia karibu saa 8:45, ina maana mwili wake unapata habari ya usiku karibu saa 6:00. Yaani saa 4:30, wakati yeye yuko kitandani amefumba macho, ndani ya mwili wake bado ni jioni.

Na kuna baya zaidi ya hilo. Masaa mawili matatu ya mwisho kabla ya muda wa kawaida wa kusinzia ndiyo magumu kuliko yote kwa kupata usingizi. Saa ya mwili wakati huo inasukuma uchangamfu kwa nguvu zake zote, kama anayeshikilia mlango usifungwe. Mtafiti Peretz Lavie alikiita kipindi hicho eneo lililokatazwa la usingizi, katika kazi aliyochapisha mwaka 1986. Mtu wa kawaida hupita kipindi hicho akiwa sebuleni anazungumza na hajui kama kipo. Mhusika wetu alikuwa anakipitisha kitandani, gizani, bila kazi ya kumshika akili. Na akili yenye upungufu wa umakini isipopewa kitu hujitafutia: hesabu za kesho, ugomvi wa mwaka juzi, wazo la kubadili kazi. Akipitisha miezi kadhaa hivyo, kitanda chenyewe kinakuwa mahali pa kuwazia. Ndipo mtu anaanza kusema "nikigusa mto tu naamka", na kweli anaamka.

Hapa uamuzi wa kwanza wa mpango wake ulikwenda kinyume na matarajio yake: asipande kitandani kabla ya saa 9:00 usiku. Alidhani anataniwa.

Kabla ya kueleza mpango, kuna kosa moja la asubuhi ambalo hata washauri wazuri hulifanya. Inajulikana kwamba mwanga wa asubuhi huirudisha saa ya mwili nyuma, kuelekea mapema. Ni kweli, lakini ni asubuhi ya mwili wako, si ya ukutani. Joto la mwili hushuka hadi kiwango chake cha chini kabisa takribani masaa 2 hadi 3 kabla ya muda mtu anaoamka mwenyewe. Mwanga mkali baada ya hapo huleta usingizi mapema. Mwanga mkali kabla ya hapo hufanya kinyume: huusogeza mbele zaidi. Mhusika huamka mwenyewe saa 5:30 asubuhi, kwa hiyo kiwango chake cha chini kiko kama kati ya saa 2:30 na saa 3:30 asubuhi. Sasa fikiria alichokuwa akifanya tangu ashauriwe kutembea juani saa 1:30 asubuhi. Kila siku ya kazi alikuwa anaipa saa ya mwili wake mwanga wa "usiku wa manane", na saa ikazidi kusogea. Alisema matembezi hayo "hayakusaidia kitu". Yawezekana yalimchelewesha.

Ndiyo maana mpango ulianzia kwenye muda wa kuamka, na ulianzia mahali alipo, si pale anapotaka kufika. Alichukua likizo ya wiki moja, ambayo pamoja na Jumamosi na Jumapili za pande mbili ilitoa siku 9. Kwa wiki iliyofuata alimwomba mwajiri aingie kazini saa 4:00 asubuhi badala ya saa 3:00. Inawezekana kufanya bila likizo, ila mwendo ni wa taratibu zaidi, na asubuhi za mwanzo mtu huvaa miwani ya jua akielekea kazini hadi saa yake ya mwili ifike panapofaa. Miwani haivaliwi na mtu anayeendesha gari huku bado ana usingizi, na mtu wa namna hiyo ni afadhali asiendeshe kabisa.

Siku ya kwanza na ya pili aliamka saa 4:30 asubuhi, na kitandani aliruhusiwa kuingia kuanzia saa 9:00 usiku. Kila baada ya siku mbili nyakati zote mbili zilirudi nyuma kwa dakika 30. Siku ya tatu: kuamka saa 4:00, kitandani saa 8:30. Siku ya saba: kuamka saa 3:00, kitandani saa 7:30 usiku. Siku ya kumi na tatu akawa amefika alikokusudia, kuamka saa 1:30 asubuhi na kuingia kitandani saa 6:00 usiku. Masaa ya kuwa kitandani yalibaki 7 na nusu wakati wote. Hakunyimwa usingizi ili achoke, njia inayotumika kwa wengine, kwa sababu mtu mwenye upungufu wa umakini akikosa usingizi umakini wake huanguka vibaya, na jambo la kwanza analoacha ni mpango wenyewe.

Mara tu baada ya kuamka alitoka nje kwa dakika 30. Nje, si dirishani. Mwanga hupimwa kwa luksi, na hata siku ya mawingu nje hufika maelfu ya luksi, wakati chumba chenye taa ambacho macho yetu hukiona kuwa king'avu mara nyingi hakizidi mia chache. Asiyeweza kutoka hutumia taa maalumu ya luksi 10,000, akiiweka umbali ulioandikwa na mtengenezaji. Mwenye ugonjwa wa retina, au aliyewahi kuwa na vipindi vya furaha iliyopitiliza na kutohitaji usingizi, aonane na daktari kwanza, maana mwanga wa aina hiyo unaweza kuchochea kipindi kingine.

Melatonini haikutupwa, ilibadilishwa. Miligramu 5 saa 5:00 usiku ilikuwa kipimo kikubwa kwa muda usiofaa. Kipimo kikubwa huendelea kuwemo mwilini hata saa za usiku wa manane na asubuhi, ambako kinatuma ujumbe usiotakiwa. Daktari wake aliiweka miligramu 0.5, masaa 5 kabla ya muda wa kulala wa siku hiyo. Siku ya kwanza ikawa saa 4:00 usiku, na ikarudi nyuma pamoja na ratiba hadi saa 1:00 usiku. Kwa namna hii haitumiki kama kidonge cha usingizi. Inatumika kama habari ya uongo kidogo: inauambia mwili kwamba giza limeingia kabla mwili haujagundua wenyewe. Mtu akitegemea kuhisi usingizi nusu saa baada ya kumeza, atadhani haifanyi kazi na ataongeza dozi. Hili hutokea mara nyingi.

Hadi hapo tumeshughulikia usiku ule mitano. Ile tisa, ambayo hakuwa amefika kitandani kabisa, ni habari nyingine, na ndipo utaratibu wa jioni unapoingia.

Orodha yake ya mambo 11 ilikuwa nzuri kwa mtu asiye na tatizo lake. Saa 5:00 usiku dawa yake ya umakini imeshaisha nguvu, siku nzima imemchosha, na sasa anatakiwa akumbuke mambo 11 kwa mpangilio huku kila moja likihitaji aache kitu kinachomvutia na kuanza kisichomvutia. Kuacha na kuanza ndiko kunakomshinda. Tuliangalia usiku mmoja kwa karibu. Saa 5:40 amesimama kwenye ukumbi mwembamba kati ya sebule na bafu, mswaki uko mdomoni, simu iko mkono wa kushoto. Alikuwa anaelekea kupiga mswaki, ujumbe ukaingia, akausoma akitembea. Dawa ya meno imekauka pembeni mwa midomo. Saa 6:25 bado amesimama pale pale. Hakuamua kukesha. Kwa dakika 45 alikuwa anaelekea kulala.

Marekebisho yalikuwa mepesi kuliko alivyotarajia. Mambo yote ya usafi na maandalizi yaliondolewa kwenye muda wa kulala. Mswaki, kuoga, nguo za kesho, funguo na mkoba, vyote vikahamishiwa saa 3:00 usiku, mara baada ya chakula, wakati akili bado ina uwezo. Yanafanywa kwa mfululizo bila kukaa, kwa sababu akikaa hasimami. Kuoga kulibaki kwenye orodha kwa sababu nyingine pia: maji ya moto ya nyuzi 40 hadi 42, kwa dakika 10, saa moja au mbili kabla ya kulala, huleta damu kwenye ngozi, joto la ndani likashuka, na usingizi ukaja mapema kidogo. Saa 3:00 ni mapema mno kwa faida hiyo kwa mtu anayelala saa 6:00, na angependa kuoga saa 4:30. Ila tuliamua kwamba kuoga mapema bila kuukosa utaratibu ni bora kuliko kuoga kwa wakati barabara siku mbili kwa wiki.

Vilivyobaki kwa muda wa kulala vikawa vitatu tu: kuandika, kuweka simu kwenye chaja iliyo nje ya chumba, kuwasha sauti.

Kuandika ni kwa dakika 5 kamili, kwenye karatasi, na ni orodha ya mambo ya kesho. Si shajara ya hisia, wala si orodha ya aliyoyafanya. Kuna jaribio la mwaka 2018 lililofanywa kwa vijana wazima 57, ambapo walioandika watakayoyafanya walisinzia mapema kwa kama dakika 9 kuliko walioandika waliyokwisha kuyafanya, na kadiri orodha ilivyokuwa mahususi ndivyo walivyowahi zaidi. Ni jaribio dogo. Kwa mhusika wetu faida ilikuwa ya namna nyingine: wazo likimjia gizani, badala ya kuinuka kutafuta simu alilikamata kwa kalamu iliyo kando ya kitanda, akiandika bila kuwasha taa, mwandiko wa kuku lakini unasomeka.

Sauti ndiyo iliyozua mjadala. Ushauri wa kawaida unataka chumba kimya. Lakini kimya kwa akili hii ni uwanja mtupu, na uwanja mtupu hujaa. Alichagua kitabu cha kusikiliza ambacho anakijua tayari, simulizi lisilo na mashaka ya nini kitatokea, sauti ya chini, kikizimwa chenyewe baada ya dakika 30. Kitabu kipya hakifai, atataka kujua mwisho. Mahojiano na mijadala haifai, atataka kujibu. Kinachotakiwa ni kitu cha kuishikia akili mkono mmoja tu.

Kilichobaki ni jinsi ya kumtoa sebuleni. Kengele ya simu ya saa 5:15 ilifanya kazi siku nne. Siku ya tano aliizima bila kujua, kama zile za asubuhi. Kengele inayomtaka mtu aamue haina nguvu kwa mtu ambaye kuamua ndiko kunakomshinda, kwa hiyo mazingira yakapewa kazi ya kuamua. Taa za sebule ziliwekewa taima. Saa 3:30 usiku taa kubwa za dari zinazimika na taa moja ya mezani, ya rangi ya manjano, chini ya usawa wa macho, inawaka. Saa 5:30 ruta ya intaneti inakatika umeme. Simu ingeweza kutumia data, kweli, na usiku wa pili aliitumia. Basi data ikazimwa saa 3:00 pamoja na mswaki, na kuiwasha tena kukawa ni hatua mbili zaidi. Hatua mbili zatosha mara nyingi. Hazitoshi kila mara.

Watu wengi huuliza kuhusu mwanga wa bluu wa simu. Kwake taa za dari zilikuwa kosa kubwa kuliko kioo cha simu, kwa kuwa zinamwaga mwanga mwingi machoni kwa masaa. Kwenye simu tatizo si rangi ya kioo, ni kilichomo: kitu kisicho na mwisho. Miwani ya rangi ya chungwa ya kuzuia mwanga huo haimsaidii mtu ambaye bado anatembeza kidole saa 7:00.

Na hapa lilijitokeza jambo ambalo shajara haikuuliza. Alipoambiwa afunge usiku saa 5:30, alikataa kwa ukali uliomshangaza mwenyewe. Usiku ule, nyumba ikiwa kimya na hakuna anayemtaka kitu, ndio muda pekee wa siku ambao ni wake. Mchana anaishi akifukuzana na makosa yake, akitafuta alichopoteza na kuomba radhi kwa alichosahau. Utaratibu unaomnyang'anya mtu muda wake wa furaha bila kumrudishia hautadumu, hata taima ziwe kumi. Ndipo saa 3:30 hadi 5:15 ikawekwa kuwa yake rasmi, chini ya taa ya mezani, bila kazi ya nyumba hata moja. Masharti mawili: kiwe kitu chenye mwisho unaoonekana, sehemu moja au mbili za tamthilia bila sehemu inayofuata kujicheza yenyewe, na kisiwe kazi ya mikono anayoweza kuianza upya. Kupanga droo kulipigwa marufuku baada ya saa 2:00 usiku. Alicheka, lakini alielewa.

Usingizi usipokuja je? Kanuni ya zamani, iliyotokana na kazi ya Richard Bootzin mwaka 1972, inasema mtu atoke kitandani, arudi akisinzia tu. Kanuni ni sahihi, lakini ina mtego kwa mtu huyu. Akitoka kitandani saa 6:40 anaona kikapu cha nguo, anaanza kukunja, saa 8:00 amefungua kabati lote. Kwa hiyo alitayarishiwa mahali: kiti kimoja chumbani, blanketi, taa ndogo, na kitabu kimoja cha karatasi kinachochosha kwa kiasi. Akikisia kwamba dakika 20 zimepita, bila kuangalia saa, anahamia kiti hicho na si kwingine. Mlango wa chumba haufunguliwi isipokuwa kwenda msalani.

Mambo yaliyokwama yalikuwa matatu. La kwanza ni kahawa ya saa 11:00 jioni. Aliinywa kwa sababu dawa yake ilikuwa inaisha nguvu wakati huo. Nusu ya kafeini hubaki mwilini kwa karibu masaa 5, kwa hiyo saa 4:00 usiku nusu ya kikombe ilikuwa bado imo. Kahawa ilisogezwa, mwisho saa 8:00 mchana, na daktari akaangalia upya dawa yenyewe. Methilfenidati ya muda mrefu hufanya kazi kwa masaa 8 hadi 12 kutegemea aina, kwa hiyo siku za mapumziko, alipoimeza saa 6:00 mchana, ilikuwa inaendelea kufanya kazi hadi usiku. Wakati wa kusogeza ratiba aliimeza akiamka tu, na siku alizoamka saa 4:00 au baadaye daktari alimpa maelekezo mengine. Hili halipangwi na mgonjwa peke yake, tena si kila mara dawa ndiyo adui: wapo ambao dawa ikiisha ghafla jioni hutaharuki, na hao hulala vizuri zaidi kipimo kikipangwa kishuke taratibu.

La pili ni Jumapili ya kwanza baada ya kufika lengo. Alilala hadi saa 4:50 asubuhi kwa kuona amestahili. Jumapili usiku usingizi ukaja saa 8:10, Jumatatu ikapotea. Saa ya ndani ya binadamu kwa asili inazidi masaa 24 kidogo, kwa hiyo ikiachiwa huteleza mbele yenyewe, na kwa mtu wa aina hii huteleza haraka. Kikomo kikawekwa: siku za mapumziko anaweza kuongeza saa moja asubuhi, isizidi saa 2:30, na hata hiyo lazima afuatishe na mwanga wa nje. Akiwa na deni la usingizi analilipa kwa dakika 20 za kujilaza kabla ya saa 9:00 alasiri.

La tatu lilikuja wiki ya tano. Kitabu cha sauti kilianza kumkera na ile karatasi ya kuandikia ikapotea chini ya kitanda. Utaratibu ulikuwa umezoeleka, na kitu kilichozoeleka kwake hakionekani tena. Hili lilitarajiwa. Mfupa wa utaratibu, yaani taima, mswaki wa saa 3:00, muda wa kuamka, haukuguswa. Nyama ndiyo ilibadilishwa: kitabu kingine anachokijua, kalamu ya rangi nyingine, kadi ndogo badala ya daftari. Anafanya hivyo kila wiki tatu au nne, kabla hajachoka, na ameliweka kwenye kalenda kwa kuwa hatalikumbuka.

Shajara ya wiki ya sita ilionyesha kusinzia karibu saa 6:25 usiku, kuamka saa 1:30 asubuhi, kengele mbili. Kengele ya pili iko bafuni, na hilo linabaki. Melatonini iliendelea kwa wiki chache zaidi kisha ikapunguzwa chini ya uangalizi wa daktari, mwanga wa asubuhi ukabaki. Saa 4:30 usiku hakufika, na hakusukumwa kufika. Mtu ambaye miaka yote amekuwa wa usiku akishushwa hadi saa 6:00 na akakaa hapo, amefanikiwa. Kumvuta zaidi kungemrudisha kwenye eneo lile gumu na kitanda kingerudi kuwa mahali pa kuwazia.

Umakini wake mchana uliongezeka kiasi, lakini haukuwa umepona. Anaendelea kusahau funguo. Aliyetegemea usingizi ufanye kazi ya dawa atavunjika moyo.

Mpango huu ungekuwa wa kupoteza muda kama shajara ingeonyesha mengine. Mtu anayekoroma na kushtuka akikosa pumzi, anayehisi miguu kuwasha au kuvuta jioni mpaka aitikise, au anayelala masaa 8 yake mwenyewe na bado anaamka hoi, achunguzwe kwanza. Ile miguu hasa hujificha nyuma ya upungufu wa umakini, kwani yote mawili humfanya mtu aonekane asiyetulia, na mara nyingine kinachokosekana ni madini ya chuma mwilini, jambo ambalo kipimo cha damu hulionyesha.

Kinachomrudisha nyuma mhusika sasa ni kufunga hesabu za mwisho wa mwezi, usiku mitatu hivi wa kufanya kazi hadi saa 7:00 au 8:00. Kwa siku hizo hajaribu kulinda muda wa kulala, hauwezi kulindika. Analinda muda wa kuamka, saa 1:30, hata kama amelala masaa 5, na anatoka nje kwa nusu saa ileile. Usiku wa nne anaingia kitandani saa 6:00, si mapema zaidi kwa kufidia. Kadi yenye maneno hayo ameibandika kwenye kompyuta ya kazini, kwa sababu tarehe 30 usiku ndiyo siku ambayo hatakumbuka.